Miaka Mingapi Hasa? Kuhakiki Umri wa Mwimbaji wa Taarab Unaogombaniwa

Bi Kidude alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, Unguja nzima ilijua jina lake na hakuna aliyejua umri wake. Wengine waliandika 102, wengine 103, wengine wakaongeza. Aliyeulizwa ushahidi akajibu kwa neno lililozoeleka kuhusu yeye: alizaliwa enzi ya rupia. Ukifuatilia yaliyoandikwa, utaona wengi wamelitafsiri neno hilo kuwa "kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia", na hapo ndipo miaka mia ilipopatikana.

Tatizo ni kwamba rupia haikuondoka Zanzibar wakati wa vita vile. Bara waliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sisi visiwani tuliendelea nayo hadi mwisho wa 1935, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia tarehe 1 Januari 1936 kwa hesabu ya shilingi moja na nusu kwa rupia moja. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Unguja 1934 naye kazaliwa enzi ya rupia. Hilo halithibitishi kwamba Bi Kidude hakufika mia. Linathibitisha tu kwamba rupia peke yake haimfikishi huko.

Nimeanza na rupia kwa sababu makosa mengi ya umri wa wasanii wetu yanafanana na hili. Jambo lenyewe ni kweli, ila limebebeshwa mwaka usio wake. Mwongozo huu unaonesha namna ya kulipa kila jambo mwaka wake, kisha kuyakutanisha mambo yote mpaka kibaki kipindi kifupi ambacho huwezi tena kukipunguza.

Nitamtumia mwimbaji mmoja wa Wete, Pemba. Nimemtunga, ili nisianike ukoo wa mtu. Tumwite Bibi tu. Aina ya karatasi na maneno nitakayompa, hata hivyo, ndiyo utakayokutana nayo kila ukiingia kazi hii.

Kwanza: geuza kila dai liwe kipindi cha kuzaliwa

Watu hawagombani kwa lugha moja. Shabiki anasema "katimiza mia". Gazeti linasema "mwenye umri wa miaka 84". Pasi ya kusafiria inasema tarehe. Huwezi kuvilinganisha vitu hivi mpaka uvigeuze vyote viwe jibu la swali moja: alizaliwa baina ya lini na lini?

Hesabu ni nyepesi, lakini watu huikosea kwa mwaka mmoja. Mtu mwenye miaka 84 mwezi Mei 2009 hakuzaliwa "1925" moja kwa moja. Kama siku yake ya kuzaliwa imeshapita mwaka huo, ni 1925. Kama bado, ni 1924. Kwa hiyo kipindi chake ni baina ya Juni 1924 na Mei 1925. Andika hivyo hivyo, na kando yake andika tarehe ya gazeti, maana bila ya tarehe umri wa gazetini hauna kazi.

Bibi wetu ana madai manne. Mashabiki walimfanyia hafla 2017 wakisema ametimiza mia, kwa hiyo wao wanamzalisha 1916 au 1917. Gazeti la Mei 2009 lilimpa 84, yaani 1924 au 1925. Gazeti jengine la 2014 nalo likampa 84, yaani 1929 au 1930. Pasi yake iliyotolewa 1988 inasema 1 Julai 1932. Kutoka dai la kwanza hadi la mwisho ni miaka kumi na sita.

Sasa yatazame yale magazeti mawili. Nambari ni ileile, 84, na baina yao kuna miaka mitano. Bibi hakusimama na umri. Mwandishi wa pili alinakili makala ya kwanza, akachukua nambari bila ya kuisogeza. Ukiona umri mmoja umejirudia katika miaka tofauti, umepata chanzo kimoja, si viwili. Wa 2014 unautoa kabisa, unabaki na wa 2009. Hata huo uliza: mwandishi aliupata kwa nani? Mara nyingi ni kwa mtu wa kikundi, siyo kwa Bibi mwenyewe.

Kuna jengine la kuangalia kwenye dai la mashabiki. Wazee wengi wetu huhesabu umri kwa Ramadhani, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja. Miaka mia ya Hijria ni kama 97 ya miladi. Aliyesema mia kwa hesabu ya Ramadhani hakudanganya, ila aliyeiandika hafla kwenye bango kaongeza mitatu bila kujua. Kwa Bibi, mia ya Hijria ingempeleka 1919 au 1920 badala ya 1916. Weka alama, endelea.

Pili: itazame karatasi kama shahidi, usiiogope

Watu wetu wakiona muhuri wa serikali hunyamaza. Usinyamaze. Uliza karatasi hii iliandikwa lini, na aliyeiandika alijuaje?

Pasi ya Bibi imeandikwa 1988. Ofisa hakuwepo uzazini. Alimuuliza, naye Bibi akasema hajui, au akasema "andika tu mwanangu". Dalili iko kwenye tarehe yenyewe. Tarehe 1 Januari, 1 Julai na 31 Disemba ni tarehe za meza, si za mkunga. Asiyejua siku yake hupewa mwanzo, katikati au mwisho wa mwaka. Mara nyingi na mwaka wenyewe umekadiriwa kwa kumtazama mtu usoni, na mwimbaji anayejipamba hukadiriwa mdogo.

Cheti cha kuzaliwa kina mtego wake. Kwenye cheti kuna tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Watu husoma ya kwanza tu. Isome ya pili kwanza. Aliyezaliwa Februari na akaandikishwa Machi mwaka uleule, cheti chake kina nguvu. Aliyezaliwa "1925" na akaandikishwa 1985 kwa hati ya kiapo, cheti chake ni maneno ya jamaa yaliyogongwa muhuri. Yanaweza kuwa ya kweli, lakini nguvu yake haizidi ile ya jamaa aliyeapa. Leo kumbukumbu za vizazi ziko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na unapoomba nakala omba ioneshe tarehe ya kuandikishwa. Kwa vizazi vya miaka ya 1920 usitegemee kumkuta kila mtu, khasa shamba, khasa mtoto wa kike.

Jiulize pia karatasi ilimfaa nini mwenyewe. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Karatasi iliyotafutwa miezi ile ina sababu ya kuelekea uzee. Karatasi iliyotafutwa na mwajiriwa anayekaribia kustaafu ina sababu ya kuelekea ujana. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mizani ina upande uliolemewa, na ni vyema uujue kabla hujapima.

Tatu: santuri husema alikuwepo, haisemi alikuwa na miaka mingapi

Hapa mashabiki ndipo wanapopenda kukaa, na mimi nitapita kwa kasi zaidi.

Santuri ya zamani ina nambari mbili. Moja imechapwa kwenye karatasi ya katikati, nayo ni ya katalogi, ya kuuzia. Nyengine imekwaruzwa au kugongwa kwenye ile sehemu tupu baina ya karatasi na mwisho wa mfereji. Hiyo ya pili ndiyo ya siku ya kurikodi, na ndiyo unayotaka. Wimbo unaweza kutolewa tena baada ya miaka kumi kwa katalogi mpya na karatasi ya rangi nyengine. Nambari iliyokwaruzwa kawaida hubaki ileile. Ipige picha kwa mwanga wa ubavuni, kurunzi ikiwa imelala karibu na santuri, la sivyo huioni.

Kisha msikilize anayeimba. Jina la santuri lenye "binti fulani" linaweza kuwa la watu wawili, na nyimbo za taarab hurithiwa: mwanafunzi huimba wimbo wa somo wake. Sauti nayo hudanganya. Santuri ya mizunguko 78 ikinakiliwa kwa mashine inayokimbia, mwanamke wa miaka arobaini anasikika kama msichana. Sikiliza udi na fidla. Vikiwa juu ya kawaida, na sauti imepandishwa pamoja navyo.

Kosa kubwa zaidi la upande huu ni la mantiki, na linamhusu Siti binti Saad. Siti alirikodi Bombay 1928, wa mwanzo kwetu, akafariki tarehe 8 Julai 1950. Mwaka wa kuzaliwa unaotajwa zaidi ni 1880, ambao wenyewe una sifuri mwishoni na unanukia kukadiriwa. Sasa mtu akisema "Bibi huyu kaimba na Siti", msikilizaji anaona 1928, anamuweka Bibi pale Bombay akiwa na miaka kumi na minane, na anapata kuzaliwa 1910. Lakini Siti aliishi miaka ishirini na mbili baada ya 1928. Msichana aliyezaliwa 1926 angeweza kukaa mkekani kwake akiwa na miaka ishirini. Ukisikia "na Siti", uliza: mwanzoni au mwishoni? Ukumbini au nyumbani? Aliitikia au alisikiliza?

Kwa Bibi wetu kuna picha ya kikundi yenye mwaka 1958 nyuma yake kwa wino. Amekaa wa pili kulia, mtu mzima, ana mtoto mapajani. Hiyo inamtoa 1945 na kuendelea, ambako hakuna aliyemuweka. Picha nzuri, ushahidi mdogo. Tunasonga.

Nne: kaa naye, na usimuulize mwaka

Hii ndiyo kazi yenyewe. Anayekuja na swali "Bibi, umezaliwa mwaka gani?" atapewa mwaka. Bibi atatoa ule ulioko kwenye pasi, au ule wa bango, kwa heshima ya mgeni. Ukishautaja mwaka wowote mbele yake umeuharibu mkutano, kwani atakurudishia huohuo.

Nenda asubuhi, piga hodi, shikamoo, kaa chini. Nenda na mjukuu au mwali wake anayemzoea. Uliza mambo, siyo tarehe, na kila jambo liulizie alivyokuwa yeye: alikuwa akibebwa, akitumwa dukani, kashaanza chuo, kashachezwa, kashaolewa, kashazaa?

"Bibi, rupia ulizikuta?"

"Mbona nilizikuta! Nikitumwa nazo. Pesa za shaba hizo, nanunua chumvi na mafuta ya taa. Halafu ikaja hiyo shilingi, Mhindi akawa hatupimii tena vilevile, mama akigombana naye."

Jawabu hili lina thamani kuliko bango lote la mia. Anatumwa peke yake dukani, anakumbuka alichonunua, na anakumbuka mzozo wa mabadiliko. Mtoto wa namna hiyo hapungui miaka sita. Mabadiliko ni Januari 1936. Kwa hiyo hakuzaliwa baada ya 1929 au 1930. Ile pasi ya Julai 1932 ingemfanya awe na miaka mitatu na nusu, akitumwa kwa mafuta ya taa. Haiwezekani.

Lakini jihadhari. Neno rupia liliendelea kusemwa baada ya sarafu kuondoka. Watu walihesabu hata mahari kwa rupia. Aliyesikia "rupia" akiwa mdogo si lazima aliishika. Ndiyo maana ya kuuliza alinunua nini, kwa nani, na nini kilibadilika. Kumbukumbu ya mkono ina mzozo na harufu ndani yake. Kumbukumbu ya kusimuliwa ni laini, na kila mjukuu anaijua kwa maneno yaleyale.

Matukio mengine yanayofaa kwetu ni haya: manowari ya Kijerumani kuizamisha ya Kiingereza bandarini Unguja, Septemba 1914, mgomo wa karafuu wa 1937 na 1938, vita vya Hitila, kufariki kwa Seyyid Khalifa, Oktoba 1960, Mapinduzi, Januari 1964. Usiyatumie yote. Mtu wa Wete hakuiona manowari, na akisema aliiona, umejua ni mtu wa kupenda hadithi. Seyyid Khalifa alitawala tangu 1911, kwa hiyo "nimezaliwa zama za Seyyid Khalifa" haikupi kitu, ni kipindi cha karibu miaka hamsini.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la saumu. Mwulize Ramadhani yake ya kwanza aliyoifunga yote ilikuwa msimu gani. Wazee wanaikumbuka, kwa sababu mtoto huteseka na husifiwa. Ramadhani huzunguka misimu yote kwa kiasi cha miaka 32 na nusu, kwa hiyo msimu mmoja hukupa miaka michache tu, na kisha inabidi upite miaka thelathini ndipo urudi. Ramadhani ilianza mwezi wa Aprili, ndani ya masika, kiasi cha 1922 hadi 1924, kisha 1955 hadi 1957. Ilianza Novemba, ndani ya vuli, kiasi cha 1935 hadi 1937, na ukihesabu mwaka mmoja kabla na mitatu baada, bado ni msimu wa vuli.

Bibi anasema ilikuwa mvua za vuli, na mama aliweka futari ukumbini kwa sababu uani kulikuwa na matope. Vuli ya 1903 hadi 1906 na ya mwisho wa miaka ya 1960 hazimhusu mtu huyu kwa namna yoyote. Imebaki ile ya miaka ya 1934 hadi 1940. Mtoto hufunga yote akiwa na miaka minane hadi kumi na mitatu hivi. Hiyo inatupa kuzaliwa baina ya 1921 na 1932, upana mkubwa. Haituwekei mwaka, lakini imekubaliana na rupia na imemfungia mlango yule wa 1916, ambaye angekuwa na miaka kumi na minane au zaidi kwenye saumu yake ya kwanza.

Kikwazo chake: Pemba mvua hazifuati kalenda kila mwaka, na Bibi akisema "mvua" tu bila ya vuli au masika, usilazimishe. Muulize matunda gani yalikuwapo, na kama karafuu zilikuwa zikichumwa.

Tano: tafuta mtu wa rika mwenye karatasi nzuri

Bibi hana cheti cha mapema. Lakini yuko mtu aliyekua naye ambaye anacho. Hapa ukoo wa Kiswahili una hazina ambayo mtafiti wa nje huipita: ndugu wa kunyonya.

Bibi anaye kaka wa kunyonya. Cheti chake kinasema alizaliwa Februari 1927 na kiliandikishwa Machi 1927. Hicho ndicho cheti chenye nguvu tulichokizungumza. Kama walinyonya ziwa moja kwa wakati mmoja, na mtoto hunyonya miaka miwili, basi hawapishani zaidi ya miaka miwili hivi.

Ngoja kwanza. Kisheria ya dini, wote walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu, hata kama wamepishana miaka kumi. Usiulize "huyu ni ndugu yako wa kunyonya?" halafu ukafurahi. Uliza: "Mlinyonya pamoja, au kila mmoja na wakati wake? Na kwa nini alinyonyeshwa na mama yako?"

"Mama yake alifariki hata arubaini haijafika. Mama alikuwa na mimi kifuani. Akinyonya yeye huku na mimi huku, mama akisema tulimkausha."

Sasa tuna kitu. Mtoto alizaliwa Februari 1927, akafiwa na mama ndani ya siku arubaini, na wakati huo mama wa Bibi alikuwa tayari ana maziwa, ana Bibi kifuani. Kwa hiyo Bibi alikuwa ameshazaliwa kufikia Machi 1927 au siku chache baadaye, na hakuwa amezidi miaka miwili, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya. Kipindi chake ni mwanzo wa 1925 hadi Machi 1927. Miaka kumi na sita imekuwa miwili.

Thibitisha kwa mtu wa upande wa pili. Nenda kwa watoto wa yule kaka na uwaulize mama wa baba yao alifariki lini na nani alimlea, bila kuwatajia alichosema Bibi. Wakisema vilevile kwa maneno yao, vizuri. Wakisema alifariki mtoto akiwa na mwaka, mpaka wa mwisho umeyumba: Bibi angeweza kuzaliwa hata mwanzoni mwa 1928. Andika yote mawili.

Pasipokuwa na ndugu wa kunyonya, tumia wari waliochezwa pamoja au waliokhitimu chuoni pamoja, lakini hao hupishana hata miaka minne. Na ukitumia ndugu wa nasaba, uliza kama ni wa tumbo moja au wa baba mmoja tu. Mwanamume anaweza kupata watoto kwa miaka hamsini. Tumbo moja haliwezi. Bibi ni wa tatu kwa mama yake, na mdogo wa mwisho wa tumbo hilohilo kazaliwa 1949. Tukimpa Bibi 1916, mama yake angekuwa amezaa kwa kiasi cha miaka thelathini na minane, akianza na miaka kumi na minne na kumaliza na hamsini na mbili. Sasa unaona lile bango lilivyo zito kubeba.

Sita: ile tarehe ndani ya msahafu

Mwishoni, siku unapoaga, mjukuu atatoa msahafu wa babu uliofungwa kwa kitambaa. Ndani ya jalada kuna mistari ya mkono: amezaliwa binti, Rajab 1345. Watu wanafurahi, chai inaletwa tena.

Soma kwanza tarakimu zenyewe. Kwa Kiarabu ٢ na ٣ zinatofautiana kwa jino moja tu, na wino ukififia ٥ ya tano inaonekana kama nukta ya sifuri. Piga picha kubwa. Linganisha na tarakimu nyengine za mkono uleule kwenye ukurasa uleule. Mjomba mmoja asiyejua Hijria anaweza kukwambia ni 1945, kalamu imeteleza, usimfuate.

Kisha geuza. Mwaka 1345 ulianza Julai 1926 ukamalizika Juni 1927. Rajab ni mwezi wa saba, kwa hiyo tunaangukia Januari 1927. Mwezi mmoja kabla ya yule kaka. Mama mwenye mtoto mchanga wa mwezi mmoja, maziwa tele, analetewa yatima. Inaingia kama ufunguo.

Na hapo ndipo pa kupunguza mwendo, maana mistari haina jina. Imesema "binti". Zamani mtoto akifa, aliyefuata alipewa jina la marehemu, au tarehe yake ilibaki jaladani bila ya kufutwa. Bibi ni wa tatu. Muulize: kulikuwa na dada kabla yako aliyefariki? Naye Bibi anasema ndiyo, mmoja, hakufika mwaka. Basi Rajab 1345 inaweza kuwa ya dada, ingawa haielekei: dada angekuwa kazaliwa Januari 1927, na Bibi hawezi kuwa na umri wa kunyonya pamoja na mtoto wa Februari 1927 ila kama amekuja karibu mwaka mmoja baadaye. Hadithi ya "mama alikuwa na mimi kifuani" ingevunjika. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni wa Bibi mwenyewe, lakini si wote.

Namna ya kuliandika jawabu

Usiandike "alizaliwa Januari 1927". Andika: "Alizaliwa Wete baina ya mwanzo wa 1925 na Machi 1927, maandishi ya ukoo yasiyo na jina yanaelekeza Januari 1927." Kisha eleza kwa sentensi moja moja kwa nini umeacha mengine: dai la 1916 limekataliwa na saumu, tumbo la mama na ndugu wa kunyonya, la 1930 ni nakala ya gazeti la 2009, la 1932 ni kadirio la ofisi na linapingana na rupia. Gazeti la 2009, lililompa 1924 au 1925, halijakataliwa lote, kwani miezi yake ya mwisho imo ndani ya kipindi chetu. Liseme hivyo.

Hafla ya 2017, basi, alikuwa na miaka tisini hadi tisini na miwili. Mashabiki watakasirika. Waoneshe pia hesabu ya Ramadhani: kwa Hijria alikuwa na tisini na tatu hadi tisini na tano, karibu zaidi na wanachokisikia nyumbani. Watakuuliza nani kakutuma. Na Bibi, ukimpelekea karatasi, atakuuliza kwa nini umemrudisha nyuma, halafu atakuomba usimwambie yule kaka yake kwamba yeye ni mkubwa kwa mwezi mmoja tu, kwa sababu kaka huyo amekuwa akimwamkia Bibi shikamoo tangu udogoni.